Kaza mapaja, legeza mkono: maneno ya kumwambia anayetoa damu mara ya kwanza

«Mama mwuguzi, mimi ni kiongozi wa vijana katika parokia moja ya Kadutu, hapa Bukavu. Mwezi ujao timu ya damu inarudi kwetu. Mara iliyopita vijana 60 waliandika majina, 38 wakafika, 14 tu wakatoa. 9 walirudishwa na wauguzi, wengine wakaondoka kimya baada ya kijana mmoja kuanguka karibu na mlango. Bango letu lilisema: Kuwa shujaa, toa damu, okoa maisha. Kwenye megafoni tulikuwa tunasema: Haiumi! Na pia: Mtoto anakufa, wewe unaangalia? Tunataka misemo mipya yenye nguvu zaidi, kama kumi hivi, ya kuwatoa watu woga.»

Mwanangu, kumi sitakupa. Nitakupa mitano, na nitakuomba megafoni ibaki nyumbani.

Tuanze na hesabu yako, maana umeandika vizuri kuliko viongozi wengi wanaoniletea maneno matupu. Vijana 22 hawakufika kabisa. Hao msemo wa mlangoni hauwahusu, kwa sababu mlangoni hawakuwepo. Waulize kama siku ilikuwa mbaya, kama mvua ilinyesha, kama waliandika majina ili kumfurahisha padri tu. Tisa walirudishwa, na huko si woga, nitawafikia mwishoni. Ukitoa 14 na 9 katika 38, wanabaki 15. Hao 15 ndio shida yako yote, na ni shida ndogo kuliko unavyodhani. Walipanda ngazi za Kadutu kwa miguu yao wenyewe, wakapanga foleni. Moyoni walikuwa wamekwisha kukubali. Hawakuhitaji tena kuambiwa kwa nini watoe. Walitaka kujua mwili wao utafanywa nini katika nusu saa inayokuja, na hakuna aliyewaambia.

Sasa tazama maneno yako kwa macho ya mtu wa namna hiyo. «Kuwa shujaa» anaisikia huku magoti yanatetemeka, na anachoelewa ni kwamba kazi hii ina watu wake na yeye si mmoja wao. Neno ushujaa lenyewe linamwambia kuna hatari. Hatuiti watu mashujaa kwa kunywa chai.

«Haiumi» mimi mwenyewe niliwahi kuisema. Nilikuwa bado mgeni katika kazi, na msichana mmoja aliniuliza huku amekunja mkono wa blauzi: inauma? Nikamjibu: hata kidogo. Sindano ilipoingia hakulia wala hakupiga kelele. Aliniangalia tu, kama mtu anavyomwangalia aliyemrudishia chenji pungufu. Alijaza poshi nzima, ule mfuko wa damu, bila shida. Lakini mdogo wake aliyekuwa nyuma katika foleni aliuona ule uso, akageuka, akatoka. Sindano ya kutolea damu ni nene kuliko ya chanjo, lazima iwe nene ili damu ipite bila kuharibika, na inauma kwa sekunde mbili tatu. Ukisema haiumi, mtu akaumia, hatakuamini tena hata utakapomwambia ukweli kuhusu jambo kubwa zaidi.

Na lile la mtoto anayekufa, naomba mlizike kabisa. Si kwa sababu ni la uongo. Watoto wetu wanafikishwa hospitali wakiwa weupe viganjani kwa sababu ya malaria, na damu isipopatikana haraka wanakufa kweli. Lakini maneno ya kumwaibisha mtu yana ubaya usioonekana. Kutoa damu kunamtaka mtu awe huru kusema hapana mpaka dakika ya mwisho. Kuna kijana anayejua kwamba majuma mawili yaliyopita alifanya jambo linaloweza kumletea virusi. Damu yote hupimwa UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende, lakini maambukizi mapya sana yanaweza kujificha vipimo visiyaone bado. Kinga ya kwanza ya mgonjwa ni yule kijana mwenyewe kumnong'oneza mwuguzi: leo nisitoe. Ukishamwita muuaji wa watoto mbele ya kwaya nzima, hatanong'ona. Atalala kitandani, atatoa. Kwa sababu hiyo hiyo usiandike kamwe kwenye bango «Njoo utoe damu, upimwe bure». Utawavuta hasa wale wenye wasiwasi na hali yao, na hao wanatakiwa waende kupimwa mahali pa kupimia, si kwenye kitanda cha damu.

Kabla ya misemo, uelewe kwanza kilichomwangusha yule kijana wa mlangoni. Watu hudhani mtu huanguka kwa sababu damu imepungua. Wengine huanguka kabla hata sindano haijawagusa, tena nimeona mmoja akianguka aliposindikiza tu. Mwili ukiogopa, moyo kwanza hukimbia. Kisha kwa baadhi ya watu hutokea kinyume: mshipa mmoja wa fahamu unaoshuka kutoka kichwani hadi tumboni unauambia moyo upunguze mwendo, na mishipa ya damu ya miguuni inalegea na kutanuka. Damu inazama miguuni, tansio inashuka, ubongo unakosa damu ya kutosha kwa muda mfupi. Mtu anapauka, anatoka jasho baridi, anapiga miayo, anasikia sauti kama ziko mbali, halafu chini. Akishalala na miguu ikainuliwa, damu inarudi kichwani yenyewe na anafungua macho. Huwapata zaidi vijana, wenye mwili mdogo, na wale wa mara ya kwanza. Na humpata zaidi aliyefika na njaa na kiu, baada ya kupanda mlima juani, akasimama saa nzima kwenye foleni. Hapo nimekueleza parokia yako.

Kwa hiyo msemo mzuri kwangu ni ule unaompa mwoga kitu cha kufanya kwa mwili wake. Akiwa na kazi ya kufanya, woga unapata pa kwenda.

Wa kwanza ni wa mlangoni, nao wazee walikwisha kututungia: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Uandike kwenye bango badala ya ushujaa. Anayetoa mara ya kwanza ndiye mgeni, na mgonjwa aliyelazwa ndiye mwenyeji. Neno «apone» ambalo kwa kawaida tunalisema kwa mzaha mgeni akiingia na kuku kwapani, hapa linakuwa kweli tupu. Lakini faida yake kubwa ni hii: mgeni ana haki zake. Mgeni hupokelewa, hukalishwa, huelezwa choo kiko wapi. Mgeni haulizwi kwa nini anaogopa nyumba asiyoijua. Weka mtu mlangoni wa kufanya hivyo hasa, na awe amewahi kutoa, si kiongozi anayehimiza wengine huku mkono wake mwenyewe haujawahi kuchomwa.

Wa pili ni wa foleni: Damu ni nzito kuliko maji, basi anza na maji. Watacheka, na kucheka kwenye foleni ile ni nusu ya dawa. Nusu nyingine ni maji yenyewe. Nusu lita, yaani vikombe viwili vikubwa, inywewe katika dakika 15 hadi 30 kabla ya sindano. Maji ya asubuhi yamekwisha kwenda chooni, hayasaidii. Jambo hili limejaribiwa mara nyingi kwa watoaji wapya na linapunguza kuzimia. Haliondoi kabisa, usiahidi hivyo. Na msemo huu bila maji ni matusi: kama hamna chupa za kugawa, ujazeni mtungi, mlete vikombe safi.

Ukiwa umeshika ile chupa ya nusu lita unaweza kujibu swali ambalo wengi wanaona aibu kuuliza: watachukua kiasi gani? Inua chupa uwaambie: poshi haiijazi hii. Poshi ya kawaida hupokea mililita 450. Mtu mzima ana damu karibu mililita 70 kwa kila kilo ya mwili, hivyo kijana wa kilo 60 ana lita nne na kidogo. Tunachochukua ni zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi. Maji ya damu hiyo hurudi ndani ya siku moja au mbili, chembe nyekundu huchukua majuma kadhaa, na madini ya chuma hukawia zaidi. Ndiyo maana mwanamume hurudi kutoa baada ya majuma 12 na mwanamke baada ya 16. Na ndiyo maana mizani iko pale mezani. Kwa mtu wa kilo 42, chupa ile ile ni mzigo mwingine kabisa, na tunadai kilo 50 kwa poshi ya 450.

Wa tatu ni wa sindano. Huu usiuandike popote. Useme mtoaji wa zamani kwa sauti ya kawaida, akiulizwa: Ni siafu mmoja. Unasema aï, imekwisha. Kila mtu wa huku amekanyaga siafu. Anajua kwamba anauma kweli, na anajua kwamba siafu mmoja haumalizi mtu. Ukweli wa maumivu umo, na mwisho wake umo. Baada ya hapo ni dakika kumi hivi za kulala, mkono unahisi uzito tu. Kama unaendelea kuuma, au vidole vinapata ganzi, au kuna kama umeme unaopita, mtoaji amwambie mwuguzi pale pale, maana sindano inaweza kuwa imekaa vibaya na hutolewa mara moja. Hilo nalo aambiwe mapema. Watu wengi huvumilia kimya wakidhani ndivyo inavyotakiwa.

Wa nne ndio ninaoupenda, na ndio niliouweka juu ya barua hii: Kaza mapaja, legeza mkono. Nimekueleza kwamba damu huzama miguuni. Sasa misuli ya mapaja ikikazwa huminya mishipa na kuisukuma ile damu irudi juu. Mtoaji akiwa amelala anapishanisha vifundo vya miguu, anakaza mapaja, matako na tumbo kwa sekunde tano, analegeza kwa sekunde tano, anarudia. Anaendelea kupumua, asizuie pumzi. Mkono wenye sindano unabaki mlegevu kabisa, labda vidole tu vinafinya kile kimpira kama mwuguzi amempa. Saa mbaya zaidi ni mbili: sindano inapoingia, na pale inapotolewa mtu akijiandaa kuinuka. Hapo ndipo wenzake wamkumbushe.

Niliuona ukifanya kazi kwa kijana mmoja motari, mwili wa kubeba magunia, aliyeniambia bila kuficha: «Mama, mie naogopa damu tangu utoto.» Nilimfundisha akiwa bado kwenye kiti cha foleni, tukakaza na kulegeza mara tatu akiwa na suruali yake ya kazi na kofia magotini. Kitandani nilimwambia aangalie ukuta, sio mkono. Sindano ilipoingia alisema aï kama tulivyokubaliana, kisha akaanza kuhesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne, tano, legeza. Dakika ya nne nikaona midomo inapauka na kipaji cha uso kinang'aa jasho. Nikainua miguu yake juu ya mto, nikamwambia mapaja, mapaja. Rangi ikarudi. Poshi ilipojaa aliuliza: «Ni ile tu?» Nilimlaza dakika kumi na tano, akanywa sukre, akala biskuti, na funguo za moto yake nilizishika mimi. Hilo la funguo si mzaha. Kuna wanaozimia baadaye, wakiinuka, wakienda chooni, au wakishuka zile ngazi zenu wakiwa peke yao. Dereva asubiri, na siku hiyo asibebe mzigo kwa mkono ule.

Ukiniuliza kama angezimia bila mapaja, sijui, na wewe usidai hivyo kwa watu wako. Lakini alikuwa na kazi mikononi, au tuseme miguuni, badala ya kulala akisubiri kuanguka.

Kuna aliyekuja bila kula? Hapo msemo hauna nguvu. Mtaani kwenu najua nyumba ambazo chakula ni mara moja kwa siku, jioni. Mkiweka kolekti ya damu saa nne asubuhi, mnawaita watu wenye matumbo matupu. Ama mgawe mandazi na chai kabla, ama muwaambie tangu wiki iliyotangulia: usiku bugali na sambaza, asubuhi usitoke na njaa.

Wa tano ni wa wale tisa: Kurudishwa si kufukuzwa. Hebu fikiria kijana aliyeshinda woga wake, akafika mezani, akaambiwa emoglobini iko chini, au uzito hautoshi, au alikuwa na malaria juzi. Akipita mbele ya foleni kichwa chini, foleni inasoma ugonjwa usoni mwake, na jioni mtaa mzima umesoma. Mpe sukre ile ile na kiti kile kile cha waliotoa. Aambiwe na mwuguzi faraghani ni kwa nini, na kama ni wa kurudi, arudi lini. Msichana aliyerudishwa kwa upungufu wa damu aende kituo cha afya apimwe vizuri, maana inawezekana ni minyoo au hedhi nzito, na majani ya sombe peke yake hayatamtibu. Baadhi ya hao tisa watakuwa watoaji wako wa mwakani mkiwatunza.

Umenitajia foleni iliyomwona mtu akianguka. Geuza viti. Foleni isitazame vitanda, itazame meza ya sukre, mahali ambapo watu wamemaliza, wana plasta mkononi na wanabishana juu ya mpira. Hiyo picha inasema kuliko misemo yangu yote.

Kuna swali moja ambalo sitaki ulijibu kwa msemo: «Si damu yetu mnakwenda kuiuza?» Watauliza, kwa sababu ndugu zao wameambiwa walipe hospitalini walipohitaji damu. Ukirusha kauli tamu hapo utaonekana mwuzaji. Mwombe mtu wa kituo cha damu aje mwenyewe, alete poshi tupu na vifaa vya kupimia, aeleze kinacholipiwa ni nini: poshi, vipimo, friji ambayo lazima ikae kati ya nyuzi 2 na 6 hata umeme ukikatika, na kwamba damu ikitunzwa vizuri hukaa siku 35 tu katika poshi za kawaida. Aulizwe bei mbele ya wote na ajibu mbele ya wote. Kama hawezi kujibu, basi wasiwasi wa vijana wako una msingi, na wewe usiuzime.

Kabla ya kuchapisha chochote, wajaribie misemo hii watu watano ambao wanaogopa kweli, wala wasiwe wanakamati wako. Usiwaulize kama ni mizuri, watasema ndiyo ili uwaache. Waulize: ukisikia hivi, unafanya nini? Akijibu «nakunywa maji» au «nakaza miguu», msemo umeingia. Akijibu «ni neno zuri sana, Mungu awabariki», utupe. Inawezekana kabisa kwamba vijana wako watatunga wa mapaja kwa namna yao, kwa Kimashi au kwa Kiswahili cha pale mtaani, na utakuwa bora kuliko wangu. Siku yenyewe andika tena zile hesabu zako: waliofika, waliorudishwa, waliotoa, walioondoka. Kama wa mwisho wanashuka kutoka 15 hadi 7 au 8, mmefanya kazi.

Wachache wapelekwe moja kwa moja kwa mwuguzi au daktari kabla hata ya foleni, bila msemo wowote: aliyewahi kuzimia kwa kuona damu au kuchomwa sindano, mwenye ugonjwa wa moyo au kifafa, mjamzito na anayenyonyesha, na anayekunywa dawa za kila siku. Baada ya kutoa, mtu ambaye mkono umevimba na unazidi kuuma, au damu haikatiki hata akibana na kuinua mkono, au kesho yake bado ana kizunguzungu, aende kituo cha afya, asingoje kumpigia kiongozi wa vijana.

Na ule wa mapaja ukiuchapisha, uubandike ukutani upande wa miguu ya kitanda, kwa herufi kubwa. Mara nyingi naona maandishi mazuri yamewekwa juu ya kichwa cha mtoaji, ambapo anayeyasoma ni mwuguzi peke yake.